Jinsi ya kuandika orodha katika barua pepe ya maombi: herufi kubwa, nukta na nukta mkato

Anayeomba kitu kwa barua pepe mara nyingi hulazimika kuorodhesha nyaraka anazoambatisha au mambo anayotaka atendewe, na mara nyingi alama za uandishi huvurugika ndani ya orodha hiyo. Mwongozo huu unafuata barua moja ya kuomba nakala ya cheti kilichopotea. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa hivi:

Naambatisha nyaraka zifuatazo:
1. Nakala ya kitambulisho.
2. picha mbili za pasipoti
3. Ripoti ya polisi imeambatishwa pia;
4. Stakabadhi ya malipo

Hatua ya kwanza: linganisha muundo wa vipengele. Usianze na alama. Soma vipengele vyote uone kama ni vya namna moja. Hapa vipengele vitatu ni majina ya vitu tu, lakini cha tatu ni sentensi kamili yenye kitenzi chake, na kwa sababu hiyo hakuna alama itakayokipatanisha na wenzake mpaka kiandikwe upya kuwa «Ripoti ya polisi kuhusu upotevu wa cheti». Mara nyingi anayeshindwa kuamua aweke nukta au asiweke huwa amechanganya majina na sentensi bila kujua.

Hatua ya pili: tazama sentensi inayotangulia orodha. «Naambatisha nyaraka zifuatazo» imejitosheleza, na nukta mbili (:) zinaiunganisha na orodha. Vipengele vifupi vya aina hii vinaweza kuanza kwa herufi kubwa na kuachwa bila alama mwishoni. Wapo wanaopendelea herufi ndogo, nao hawakosei, mradi waishike kuanzia kipengele cha kwanza hadi cha mwisho. Kama kila kipengele kingekuwa sentensi kamili, kila kimoja kingeanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta. Orodha yetu sasa inasomeka hivi:

Naambatisha nyaraka zifuatazo:
1. Nakala ya kitambulisho
2. Picha mbili za pasipoti
3. Ripoti ya polisi kuhusu upotevu wa cheti
4. Stakabadhi ya malipo

Namba zinafaa hapa kwa sababu anayepokea barua anaweza kujibu kwamba waraka wa 3 haufunguki. Pasipo haja hiyo, wala mpangilio wa kufuatana, vitone vinatosha.

Hatua ya tatu: shughulikia orodha inayokamilisha sentensi. Hii ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa utangulizi wake unaning'inia na kila kipengele ni mwendelezo wake:

Naomba ofisi yako
a) ithibitishe kupokea maombi haya;
b) inijulishe ada iliyobaki, kama ipo; na
c) inieleze tarehe ya kuchukua nakala.

Orodha nzima ni sentensi moja, kwa hiyo vipengele vinaanza kwa herufi ndogo, vinatenganishwa kwa nukta mkato (;), neno «na» linakuja kabla ya cha mwisho, na nukta ni moja tu, mwishoni kabisa. Nukta mkato inafaa kuliko mkato kwa kuwa kipengele cha (b) tayari kina mkato ndani yake. Majina kama Januari au Kiswahili yanabaki na herufi kubwa hata yakianza kipengele. Ili kupima, soma utangulizi pamoja na kila kipengele peke yake. Mtu akiandika (c) kuwa «tarehe ya kuchukua nakala», atasikia mara moja kwamba «Naomba ofisi yako tarehe ya kuchukua nakala» haikai sawa, kwa sababu vitenzi vya wenzake vimeanza na «i-» ya ofisi na hicho hakina kitenzi.

Hatua ya nne: kagua kabla ya kutuma. Programu nyingi za kuandikia, hasa za simu, hugeuza herufi ya kwanza ya mstari mpya kuwa kubwa zenyewe, na zikifanya hivyo katika baadhi ya mistari tu orodha huharibika bila mwandishi kujua. Shuka na jicho kwenye herufi za kwanza pekee, kisha shuka tena kwenye alama za mwisho pekee. Njia hii hufichua kosa ambalo usomaji wa kawaida hulipita.

Ukaguzi huo urudiwe kila unapoongeza kipengele. Ukiongeza (d) katika orodha ya pili, nukta ya (c) inakuwa nukta mkato, na «na» inahama kutoka mwisho wa (b) kwenda mwisho wa (c). Kipengele kikiishia na anwani ya tovuti, nukta iliyogandana nayo inaweza kuchukuliwa kuwa sehemu ya kiungo na kukifanya kisifunguke. Ni salama zaidi kupanga maneno upya ili anwani isiwe mwishoni.