Somo: Mstari mmoja wa kadi ya uzazi kwa Kinorwe na Kidenishi

Mwaka jana nilimwandikia Mdenishi kazini kadi ya mtoto wa kiume kwa Kinorwe changu cha Oslo. Alielewa, akacheka, akaning'iniza ukutani. Lugha hizi zinafanana mno kwa maandishi, ila kwenye kadi tofauti inaonekana palepale.

1. Hongera. Kinorwe ni *Gratulerer*, Kidenishi ni *Tillykke*. Baada yake weka *med* katika lugha zote mbili. Sisi tunasema "hongera kwa", hivyo watu hutafuta *for* kwenye kamusi. Si hilo.

2. Mtoto. Hapa ndipo nilipoteleza. Kwa Kinorwe mvulana ni *gutt*, na ukimtaja yule mnayemjua unabandika mkia: *gutten*. Kwa Kidenishi ni *dreng*, kisha *drengen*. Ukiongeza "mdogo", Mnorwe anaweka *den* mbele na mkia anauacha palepale. Mdenishi akishaweka *den*, mkia anaukata:

Kinorwe: *Gratulerer med den lille gutten!*
Kidenishi: *Tillykke med den lille dreng!*

Wa kike ni *den lille jenta* kwa Kinorwe, *den lille pige* kwa Kidenishi. Ukiona *den lille drengen*, ujue kadi ya Kidenishi imeandikwa na mtu mwenye Kinorwe kichwani.

3. Dua fupi. *Vi ønsker dere alt godt* (tunawatakia kila la heri). Kwa Kidenishi badilisha neno moja tu: *Vi ønsker jer alt godt*. Kama unaandika peke yako, *Vi* iwe *Jeg*.

4. Kufunga. *Klem fra* na jina lako kwa Mnorwe, *Knus fra* kwa Mdenishi. Yote ni kumbatio, kwa hiyo kwa bosi usiyemzoea andika *Hilsen* tu.

Maswali ya wanachama

*Mtoto bado hana jina, nisubiri?*
Usisubiri, dada. Nchi zote mbili zinawapa wazazi hadi miezi 6 kuchagua jina. Andika *den lille* peke yake, "yule mdogo", nayo inafaa pia usipojua ni wa kike au wa kiume. Jina likitoka, *Velkommen til verden* na jina lake: karibu duniani, maneno yaleyale pande zote.

*Na mapacha?*
*Gratulerer med tvillingene!* Kwa Kidenishi *Tillykke med tvillingerne!* Angalia ile *r*.

*Mama anataka niandike "Mungu amkuze".*
Kama wazazi ni watu wa kanisani, *Gud velsigne dere* (Kidenishi *jer*), yaani Mungu awabariki. Kama huwajui hivyo, mwambie mama ile *alt godt* inatosha, na dua yake aiombe mwenyewe kwa Kiswahili.

*Simu yangu haina ø.*
Bonyeza *o* bila kuachia, itatokea.