Kabla hujaipandia ile noti ya juu: mambo ya kuzingatia mwanakwaya

Tuchukue mfano mmoja tu tuubebe mpaka mwisho. Wimbo una Doh ni F, sauti ya kwanza, yaani soprano, wana neno “amani”, “a” iko kwenye noti m, “ma” iko kwenye s, alafu “ni” inaruka mpaka d' ya juu na inashikiliwa mapigo sita. Wanaume wa sauti ya tena nao wana mstari huohuo oktavo moja chini. Ukisikiliza kwaya nyingi zikifika hapo utasikia “niiii” kali kama filimbi, videvu vimeinuka, mishipa ya shingo imetoka, na pigo la nne tayari noti imeanza kushuka. Mwalimu anasema “ongezeni nguvu”, watu wanaongeza, inazidi kuharibika. Mi mwenyewe niliimba hivyo miaka mingi, mpaka siku moja tukiwa mbele za watu nikafungua mdomo kwenye ubeti wa tatu ikatoka hewa tupu, nikabaki nachezesha midomo mpaka wimbo ukaisha.

Shida ya ile “ni” inakuwaga imeanza zamani kabla ya “ni” yenyewe, kwa hiyo maandalizi nayo inabidi yaanze huko nyuma.

Anza na maji, manake hapa watu wengi wanajidanganya. Ile chupa unayokunywa dakika moja kabla ya kuimba haifiki kwenye nyuzi za sauti. Maji yanapita njia ya chakula, na nyuzi ziko njia ya hewa, ikitokea yamezifikia utapaliwa. Yanachofanya pale ni kulainisha mdomo na koo basi. Unyevu wa nyuzi zenyewe unatokana na mwili mzima kuwa na maji ya kutosha, so kunywa taratibu tangu jana yake na tena masaa mawili kabla. Na kama mnaimba asubuhi, amka mapema. Ukitoka kulala nyuzi zimevimba kidogo, ndo maana kila mtu asubuhi ni besi, besi wenyewe wanafurahi ila soprano akilazimisha d' muda huo anaomba matatizo. Ongea kawaida, tembea tembea, ipe sauti kama masaa mawili hivi.

Sasa pumzi. Tunaambiwa “pumua kwa tumbo” na wengi tunaelewa vibaya, tunasukuma tumbo nje kwa makusudi wakati hewa haijaingia hata kidogo. Hewa haiendi tumboni jamani, inakaa kwenye mapafu. Kinachotokea ni kwamba chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana uliotandazwa kama paa kati ya kifua na tumbo, ukivuta pumzi ule msuli unashuka, unasukuma matumbo chini, yanakosa pa kwenda yanatokeza mbele na ubavuni. Tumbo kutoka ni matokeo. Njia rahisi ya kuipata ni kulala chali uweke kitabu juu ya kitovu, upumue kama mtu anayetaka kusinzia, uangalie kitabu kinapanda na kushuka chenyewe. Ukishaizoea simama, weka viganja kiunoni ubavuni chini ya mbavu za mwisho, TOA hewa kwanza yote bila kujikamua, alafu legeza tu tumbo uiache hewa irudi. Viganja vinatakiwa visukumwe pembeni, mabega yatulie. Na sikiliza pumzi inavyoingia, ikiingia na mlio wa “hhhp” ujue koo limebana tangu mwanzo, na ukianza na koo lililobana ile d' umeshaipoteza.

Kuipima pumzi tumia “sss”. Vuta kwa hesabu ya nne, toa “sss” nyembamba kwa hesabu ya 12, ukiweza nenda 16, alafu 20. Usishindane na jirani kwa urefu, angalia usawa: mlio uwe uleule mwanzo hadi mwisho. Kama unatoka kwa kishindo alafu unafifia, hivyohivyo ndo unavyoimba, hewa yote inatoka kwenye “ama” na “ni” inabaki na makombo. Kuna kosa jingine la upande wa pili, la kujaza mapafu mpaka pomoni eti noti ni ndefu. Hewa iliyojaa kupita kiasi inataka kutoka kwa nguvu, na cha kuizuia kinabaki koo. Kwa mapigo sita huhitaji tanki zima. Kama mstari ni mrefu kweli basi mnaiba pumzi: kila mmoja anavuta mahali pake, katikati ya irabu, akipunguza sauti taratibu kabla na kurudi taratibu baadae, na kila mtu apange na jirani zake wasivute pamoja. Hiyo inapangwa mazoezini, sio mbele za watu.

Kupasha sauti kwenyewe dakika 10 mpaka 15 zinatosha kabisa. Legeza shingo, mabega na taya kwanza, hapo usikae sana. Alafu chukua mrija wa kawaida wa kunywea, uweke kwenye glasi yenye maji kidogo, ncha izame kama vidole viwili, uimbe “uuu” ndani yake mapovu yatoke. Unaonekana kituko lakini hakuna zoezi ninaloliamini zaidi ya hili. Mdomo ukiwa umezibwa nusu hivyo, hewa inarudi kusukuma kidogo toka juu, nyuzi zinakutana kwa ulaini badala ya kugongana, na huwezi kupiga kelele hata ukitaka. Kama hakuna mrija, tetemesha midomo “brrr” kama mtoto anayeendesha gari. Fanya king'ora, panda na ushuke bila noti maalum, kuanzia katikati ya sauti yako, kila ukirudia unapanda juu kidogo. Baada ya hapo ndo “mmm”, alafu d r m f s f m r d kwa “vu” au “no”, mkipanda nusu toni nusu toni. Mwalimu anayeanza kupasha watu kwa kuwapeleka moja kwa moja juu kwa “aaa” ya kupasua, huyo hapashi, anachosha.

Haya, turudi kwenye “amani”. Ile d' kwa soprano nyuzi zinatikisika karibu mara 700 kwa sekunde, kwa tena ni kama 350, na kwa wote wawili iko maeneo yaleyale wanayoita daraja, mahali ambapo sauti nzito ya kifua haiwezi tena kupanda kama ilivyo, lazima iwe imeshabadilika kuwa nyepesi. Nyuzi zinatakiwa zijinyooshe na kuwa nyembamba. Sasa wewe umeimba “a” na “ma” kwa sauti yote nzito ya kifua, unafika mlangoni na gunia mgongoni, mlango ni mwembamba. Kwa hiyo gunia litue kwenye “a”. Imba m na s nyepesi kuliko unavyotamani, karibu nusu ya nguvu yako, na usiogope kwamba haitasikika, noti ya juu ina uwezo wake wa kupenya yenyewe bila kusukumwa.

Alafu kuna irabu. “I” inabana mdomo, na kule juu mdomo uliobana unatoa ule ukali wa filimbi. Shusha taya, ulimi ubaki unafikiria “i” lakini mdomo uwe na umbo la kama “e”. Wewe mwenyewe utasikia kama unasema “amane”, anayesikiliza mbali anasikia “amani”. “U” nayo ielekeze “o”. Hii mkubaliane sauti nzima, manake wawili wakibaki na “i” kali wanaharibu wote.

Tulivyoifanyia kazi sisi ni hivi. Mstari ule tukauimba kwenye mrija kwanza, alafu kwa “vu”, alafu kwa maneno, ila tukaanza Doh ni D, tukapanda E nusu chini, E, ndo F. Ikikaa vizuri tunapima nusu toni juu zaidi ya wimbo, mara moja tu, manake noti ambayo ndo mwisho kabisa wa uwezo wako leo, siku yenyewe na presha ya watu haitakuja. Kama F yenyewe inapatikana kwa shida wiki nzima, mwambieni mwalimu ashushe Doh iwe E nusu chini, sio aibu, aibu ni ile “niiii”. Na kwa sauti kamili tulikuwa tunaipiga mara tatu kwa zoezi moja, zaidi ya hapo tunaimba oktavo ya chini au kwa sauti ndogo huku wengine wakijifunza noti zao.

Utajuaje unalazimisha wakati unaimba? Weka kidole gumba laini chini ya kidevu, pale kwenye nyama. Pakiwa pagumu kama jiwe, ulimi unakandamiza. Gusa kongomeo, kile kifundo kinachopanda ukimeza mate: kupanda kidogo sawa, ila kikikimbilia juu kama unameza basi unavuta noti kwa shingo. Angalia pia kama umeinua kidevu, sijui nani alitudanganya kwamba noti iko darini. Dalili nyingine ni kikohozi cha kuwashwa washwa kila baada ya mstari wa juu.

Siku yenyewe kuna mtego mmoja wa mwisho, ni kelele. Ukisimama mahali husikii sauti yako, unaongeza nguvu bila kujua, hiyo inamkuta kila mtu. Vyombo vikiwa juu usishindane navyo, omba vipunguzwe, au simameni mkiachiana nafasi kidogo msibanane mabega, na ukikwama kabisa kinga kiganja nyuma ya sikio moja. Na ule muda wa kusubiri zamu msipige stori kwa kelele juu ya muziki wa wengine, wala msinong'one, kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha.

Jioni au asubuhi ya pili jipime: imba mstari mfupi juu, kama ile m s d', kwa sauti ndogo kabisa ya kubembeleza mtoto. Ikitoka safi, uko sawa. Kama kwa nguvu inatoka lakini kwa sauti ndogo inakatika au inaanza na hewa, nyuzi zimevimba, pumzika siku moja mbili usiongee sana, na zoezi linalofuata nenda ukasikilize tu. Usinywe dawa ya maumivu ili uimbe, itakuficha kile unachotakiwa kukisikia. Na ukwaruzo ukipita wiki tatu bila mafua wala sababu nyingine muone daktari wa koo akuangalie ndani, akikuta ni vinundu vya mwanzo kwenye nyuzi mara nyingi kupumzika na kufundishwa upya kutumia sauti kunatosha.