Nywele zilizofifia kwa vumbi la Lubumbashi: kuzirudishia mng'ao kwa tabaka la kijivu

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, karibu kila picha ya nje ninayoisafisha kwa Photoshop hapa Lubumbashi ina tatizo moja: nywele zimekufa. Mvua hakuna, vumbi jekundu limetanda kila mahali, na nywele zilizotoka saloni zinang'aa saa mbili asubuhi zikifika saa nane zinafanana na blanketi. Wengi hukimbilia kuongeza mwanga, na hapo ndipo picha inapoharibika. Vumbi halijaondoa mwanga kwenye nywele; limeondoa giza. Limeingia kati ya shungi na shungi na kupausha vivuli, kwa hiyo mstari wa mng'ao hauna kitu cheusi cha kuufanya uonekane. Ukiongeza mwanga juu ya hali hiyo, utapata nywele za kijivu zenye madoa meupe. Kwa sababu hiyo mimi naanza na giza.

Picha nitakayoitumia kama mfano ni ya dada mwenye nywele ndefu zilizonyooshwa, amesimama chini ya mwembe huko Kamalondo, mwanga ukitoka kushoto. Ina pikseli 6000 kwa urefu. Kwa picha ndogo zaidi, punguza ukubwa wa brashi kwa kiasi hichohicho. Photoshop nyingi hapa mjini ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo nitataja majina kama yanavyosomeka kwenye kioo.

Hatua ya 1: ondoa vumbi lenyewe

Chembe zinazoonekana moja moja zifute kwanza kwenye tabaka lake. Kisha weka Teinte/Saturation juu ya nywele tu, upunguze wekundu na umanjano mpaka rangi ya kutu ipotee. Usiiruke hatua hii. Mahali utakapong'arisha baadaye, kutu hiyo nayo itang'aa.

Hatua ya 2: tengeneza tabaka la kijivu

Bonyeza Ctrl+Maj+N. Kwenye kidirisha kinachofunguka, chagua kwanza Lumière tamisée, ambayo kwa Kiingereza imeandikwa Soft Light. Baada ya hapo ndipo utaweza kuweka alama kwenye kisanduku cha kujaza kijivu cha 50 %. Ukiacha Normal, kisanduku hicho hakikubali. Na ukijaza kijivu kwa mkono huku tabaka bado liko Normal, picha yote itafunikwa. Usiogope, badilisha Mode ya tabaka iwe Lumière tamisée nayo itarudi.

Kijivu hicho, ambacho namba yake ni #808080, hakibadilishi chochote kikiwa kwenye Lumière tamisée. Kila unapokifanya cheusi zaidi, picha ya chini inaingia giza; kila unapokifanya cheupe zaidi, inang'aa. Picha yenyewe haiguswi, na kosa lolote linafutika kwa kupaka #808080 juu yake. Wapo wanaopendelea Incrustation. Inafanya kazi pia, lakini ina nguvu zaidi, na kwenye nywele nyeusi mkono ukizidi kidogo tu inaonekana.

Tengeneza matabaka mawili ya namna hiyo: moja la giza, moja la mwanga. Utashukuru mwishoni.

Hatua ya 3: tafuta mng'ao uliopo

Juu ya yote weka tabaka la Noir et blanc la muda, ili rangi isikudanganye. Punguza picha mpaka kichwa kiwe kidogo kama gumba, kisha kunja macho. Utaona mkanda hafifu wa mwanga unaokatiza nywele pale kichwa kinapojipinda, kwetu upande wa kushoto juu ya sikio, na mwingine pale nywele zinapoangukia begani. Mng'ao unakatiza nywele, haufuati urefu wake wote. Hutengenezi mkanda mpya, unaufufua uliopo. Ukiuweka upande wa kulia wakati pua ina kivuli upande huo, mtazamaji atahisi uongo hata kama hajui unatoka wapi.

Hatua ya 4: giza kwanza

Bonyeza O upate vifaa vya kutia giza na kung'arisha. Angalia alama vizuri: Densité + inatia giza, Densité - inang'arisha. Weka Gamme kwenye Tons moyens, kwa sababu tabaka lako ni kijivu cha katikati, na Exposition iwe 6 %. Dureté ya brashi iwe 0 %.

Kwa brashi ya pikseli 80 hivi, ukiwa kwenye tabaka la giza, pita katika mifereji iliyo kati ya mashungi. Vuta kufuata unywele kutoka juu kwenda chini, kwa mkono mrefu, na uinue kalamu kabla hujafika kwenye mkanda wa mwanga. Rudia mara kadhaa badala ya kupandisha Exposition. Kwenye picha hii, kidirisha cha Informations kilisoma 70 ndani ya mifereji na 95 kwenye mkanda kabla ya kazi. Nilipomaliza giza, mifereji ilikuwa karibu 50. Mkanda sikuugusa, lakini nywele zilikuwa zimeanza kung'aa tayari.

Hatua ya 5: ndipo mwanga

Hamia tabaka la pili na Densité -. Pita mashungi yaliyojaa kwenye mkanda tu. Uache mengine, maana nywele halisi hazing'ai kwa usawa. Mkanda ukifika 115 hivi, shuka hadi brashi ya pikseli 6 na uchore nyuzi chache zinazotoka nje ya mkanda juu na chini, zikififia mwishoni. Nyuzi hizi ndizo zinazoondoa sura ya plastiki. Bila hizo mkanda unakuwa na ukingo kama kofia.

Kwa misuko mambo ni tofauti: kila pindo lina nundu yake, na kila nundu ina mng'ao wake mdogo. Gusa nundu moja moja ndani ya eneo la mkanda, na utie giza pale mapindo yanapokutana. Mstari mmoja mrefu juu ya msuko utaufanya uonekane bapa.

Hatua ya 6: kagua

Shikilia Alt ubofye jicho la tabaka la kijivu ili lionekane peke yake. Unapaswa kuona mistari inayotiririka kama nywele. Ukiona mawingu, brashi ilikuwa kubwa mno. Paka #808080 hapo urudie. Angalia pia paji la uso na sikio, kwani giza hupenda kumwagikia ngozi na kuifanya nyekundu.

Kuna mahali ambapo njia hii haifanyi kitu. Nywele zinaposoma 0 kwenye Informations, hata upake nyeupe kabisa zitabaki nyeusi, kwa kuwa Lumière tamisée haina cha kung'arisha pale. Rudi kwenye faili ghafi la kamera ufungue vivuli kwanza. Kama ulipiga JPEG peke yake, kubali sehemu hiyo ibaki nyeusi na ufanye kazi pembeni yake.

Sasa zima Noir et blanc. Punguza Opacité ya tabaka la mwanga mpaka mng'ao uache kuwa kitu cha kwanza unachokiona. Mara nyingi mimi naishia kati ya 60 na 75 %. Tabaka la giza kwa kawaida naliacha lilivyo. Hifadhi PSD kabla umeme haujakatika, kisha toa JPEG uitazame kwenye simu, maana mteja ataifungulia huko.