Protini kwa wanyanyua chuma
Oya wazee wa chuma, protini piga hivi: kilo zako mara 1.6. Una kilo 75? Hiyo ni gramu 120 kwa siku, gawa milo minne, 30 kila mlo. Asubuhi ndo wengi tunafeli, chai na chapati alafu usiku unajishindilia nyama kibao, bora mayai matatu na glasi ya maziwa, hapo ushapata kama 26. Na usichanganye gramu za nyama na za protini, kidari cha kuku kilichoiva gramu 100 kina protini 30 hivi tu, mi nilijidanganya hapo miezi kadhaa. Mwenye kitambi kikubwa atumie kilo anazolenga, sio za mzani.