SOMO: Saa ya otomatiki ilazwe vipi usiku, na fundi hurekebisha nini hasa

Wakuu, swali la "saa yangu inakimbia, niilaze vipi?" nimelijibu mara nyingi mno. Naliandika hapa mara moja. Anayeuliza tena nitamleta huku.

1. Weka saa sawa na saa ya simu inayojiseti kwa mtandao. Ukishaiweka, usisogeze mishale tena mpaka umalize zoezi.

2. Kila unapoivua usiku andika imetangulia au imechelewa sekunde ngapi. Asubuhi kabla ya kuivaa, andika tena. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kazi ya usiku. Iliyobaki ni ya mkononi.

3. Kabla ya kuilaza, hakikisha springi kuu imejaa. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nashinda nimekaa, mkono hautembei, rota haizunguki vya kutosha, kwa hiyo saa ililala na nguvu kidogo. Nguvu ikipungua, gurudumu la mizani hubembea kidogo zaidi, na kasoro za mkao hujitokeza kuliko kawaida. Mimi nikaona inachelewa, nikampelekea fundi aiongeze kasi. Wiki iliyofuata nilitembea sana, springi ikajaa, na saa ikatangulia sekunde 12 kwa siku. Fundi hakukosea, vipimo vyangu ndivyo vilivyokuwa vibovu. Basi itie ufunguo kwa mkono kila usiku, mizunguko 30 hivi. Springi ya otomatiki huteleza ikijaa, haikatiki. Kama yako haitiwi ufunguo kwa mkono, mfano Seiko zenye mashine ya 7S26, izungushe taratibu kwa muda ili rota ifanye kazi.

4. Jaribu kila mkao kwa usiku 3: uso juu, halafu kitufe cha ufunguo juu, halafu kitufe chini.

5. Chagua mkao unaofuta kosa la mchana.

Yangu ya sasa, kwa saa 16 mkononi, hutangulia sekunde 5. Usiku wa saa 8 uso ukiwa juu huongeza 3, jumla 8. Kitufe juu hupoteza 1, jumla 4. Kitufe chini hupoteza 4, inabaki 1 tu. Kwa hiyo inalala kitufe chini. Yako inaweza kuwa kinyume kabisa, usinakili.

Sababu ni hii. Uso ukiwa juu, mhimili wa gurudumu la mizani husimama kwenye ncha yake, msuguano ni mdogo. Saa ikisimama kwa ubavu, mhimili hulalia mawe kwa pembeni, msuguano huongezeka na mbembeo hupungua. Tena gurudumu likiwa na upande mzito hata kidogo, mvutano wa dunia huuonyesha hapo.

Sasa fundi. Kwenye saa nyingi husogeza kijiti chenye pini mbili zinazobana springi nyembamba ya mizani. Sehemu inayofanya kazi ikifupishwa, saa huenda kasi, ikirefushwa, hupunguza. Hilo husogeza mikao yote pamoja. Tofauti ya sekunde 7 kati ya uso juu na kitufe chini kwa usiku mmoja itabaki karibu ileile. Kuipunguza ni kazi nyingine: kusafisha, kupaka mafuta, kunyoosha springi, kusawazisha uzito wa gurudumu.

MASWALI

Mshale_Mrefu: Yangu inakimbia sana, niilaze vipi?
— Sana ni ngapi? Hatua ya 2.

Mshale_Mrefu: Sijapima, ila inakimbia.
— Pima kwanza, ndugu. Bila namba siwezi kukusaidia.

BintiSaa: Mkuu, fundi akisema ameirekebisha, nitajuaje kama mikao yote aliiangalia?
— Swali zuri sana, dada. Mwombe matokeo ya mashine ya kupimia kwa kila mkao, si namba moja. COSC, taasisi ya Uswisi inayotoa vyeti vya usahihi wa saa, hupima mikao 5 kwa siku 15, na wastani wa kila siku uwe kati ya sekunde -4 na +6. Muulize pia mbembeo ni digrii ngapi. Ukishuka sana hata springi ikiwa imejaa, saa inahitaji sevisi, na kusogeza kijiti ni kuficha ugonjwa.

Kobe77: Kwa hiyo fundi wa nini, kama kulaza kunatosha?
— Sijasema hivyo. Kulaza kunafuta sekunde chache. Ikikosa 30 kwa siku, mpelekee.

Kobe77: Yangu ilikuwa sawa, ghafla jana imeanza kutangulia dakika nzima.
— Hapo usilaze popote wala usiguse kijiti. Shuku sumaku: spika, kifuniko cha tableti. Mizunguko ya springi ya mizani ikishikana huwa kama imefupishwa. Sogeza dira karibu na saa. Mshale wake ukicheza, mwambie fundi aiondoe sumaku kwanza, ni kazi ya dakika chache. Kisha anza hatua ya 1.