SOMO: Intaneti ina kasi lakini kompyuta ya mbali ni nzito. Pima hivi kabla hujaongeza kifurushi

Habari wakuu,

Jumamosi iliyopita nilishinda kwenye ofisi ya uhasibu Morogoro. Wanafanya kazi ndani ya seva iliyoko Frankfurt, wanaingia kwa Remote Desktop. Mhasibu anaandika tarakimu sita, skrini inakaa kimya, kisha zote sita zinatokea kwa mkupuo. Walishapandisha kifurushi cha faiba mara mbili, wakafikia Mbps 40 za kushusha na 5 za kupandisha, na hali ikabaki vilevile. Iliniuma kuona hela yao inakwenda kwenye kitu ambacho hakikuwa kinawasumbua.

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huviita kwa jina moja la "kasi". Bendiwidthi ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Latensi ni muda wa pakiti moja kwenda na kurudi. Jita ni kule kuyumba kwa muda huo, pakiti hii imerudi mapema, inayofuata imechelewa.

Kwenye kompyuta ya mbali, herufi unayobonyeza haionekani mpaka ifike kwenye seva na picha yake irudi kwako. Herufi yenyewe ni data ndogo sana, kwa hiyo kinachoamua ni latensi. Jita ndiyo inayofanya herufi zikwame halafu zije kwa pamoja. Latensi ya milisekunde 170 isiyoyumba mikono huizoea baada ya siku mbili tatu. Inayoruka kutoka 170 hadi 900 haizoeleki.

Hatua ya 1: latensi, mtandao ukiwa umetulia

Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, wengine wote waache kutumia mtandao, kisha kwenye Windows andika hivi (weka anwani ya seva yako):

```
ping -n 100 203.0.113.10
```

Subiri kama dakika moja na nusu. Usipime mara nne tu, jita haionekani kwa pakiti nne. Sisi tulipata:

```
Minimum = 168ms, Maximum = 191ms, Average = 173ms
```

Ile Minimum ndiyo gharama ya umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nyaya za baharini za kwetu zinapanda pwani, zinapita Bahari ya Shamu na Misri ndipo ziingie Ulaya. Tuseme njia yote ni kilomita 10,000: kwenda ni milisekunde 50, kurudi 50, na hapo hujahesabu mzunguko wa mtoa huduma na vifaa vya njiani. Namba hii haishuki kwa kununua Mbps. Inashuka kwa kuihamishia seva karibu, au mtoa huduma akibadilisha njia.

Hatua ya 2: jita, na inatokea wapi

Tazama pengo kati ya Minimum na Maximum. Letu lilikuwa 23, halina neno. Sasa chomoa waya, rudi kwenye waifai, na upime ruta yako mwenyewe:

```
ping -n 100 192.168.1.1
```

Kwa waya ruta hujibu ndani ya milisekunde 1 au 2. Kwa waifai, pale kwenye meza ya mhasibu iliyo nyuma ya kuta mbili, tulipata kati ya 3 na 140. Kuyumba huko kumetokea ndani ya jengo, mtoa huduma hahusiki.

Hatua ya 3: pima mtandao ukiwa na mzigo

Hatua hii ndiyo watu wengi wanairuka, na kwa Morogoro ndipo jibu lilipokuwa. Rudisha waya, anzisha ping kwenda kwenye seva, halafu pandisha faili kubwa. Majibu yetu yalitoka 173 yakafika 960 ndani ya sekunde chache. Tulipositisha kupandisha, yakarudi 173.

Sababu ni foleni ndani ya ruta. Data ikija haraka kuliko njia inavyoweza kuitoa, ruta huihifadhi isubiri zamu. Foleni ikiwa na kilobaiti 500, hiyo ni kilobiti 4,000. Njia inatoa kilobiti 5,000 kwa sekunde, kwa hiyo kuimaliza kunahitaji sekunde 0.8. Herufi ya mhasibu inakaa nyuma ya foleni hiyo kwa milisekunde 800, ndipo ianze safari ya Frankfurt.

Aliyekuwa akijaza njia ni kompyuta ya mapokezi, inayotuma nakala za mafaili mawinguni kutwa nzima. Tuliwasha SQM kwenye ruta (ilikuwa na OpenWrt), tukaweka kikomo cha kupandisha Mbps 4.3, chini kidogo ya uwezo wa njia, ili foleni isimamiwe na ruta yenyewe na pakiti ndogo zipite. Tukarudia kipimo na mzigo uleule: kati ya 172 na 215. Kama ruta yako haina SQM, weka kikomo cha kupandisha ndani ya programu yenyewe ya nakala.

Hatua ya 4: bendiwidthi hadi kwenye seva yako

Tovuti za kupima kasi hupima hadi seva iliyo jirani nawe. Wewe unataka njia ya seva yako. Endesha `iperf3 -s` kule, mlango 5201 uwe wazi, kisha huku:

```
iperf3 -c 203.0.113.10 -t 30 -P 4
iperf3 -c 203.0.113.10 -t 30 -P 4 -R
```

Ya kwanza ni kupandisha, ya pili kushusha. `-P 4` hufungua miunganisho minne, maana mmoja peke yake kwenye umbali mrefu mara nyingi haujazi njia. Kazi za ofisi kwa mtu mmoja huenda vizuri kwa Mbps 2 au 3. Video ndani ya skrini ya mbali ni habari nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, seva yangu inaleta Request timed out, lakini Remote Desktop inaingia vizuri tu.

Seva imezuia ping. Pakua PsPing ya Sysinternals, upime mlango wenyewe wa Remote Desktop:

```
psping -n 100 203.0.113.10:3389
```

Mimi natumia 4G. Niko peke yangu, sipandishi chochote, ila inacheza kati ya 60 na 400. SQM itasaidia?

Kidogo sana, ndugu. SQM inahitaji kujua uwezo wa njia, na wa 4G hubadilika kila wakati kwa sababu mnara mnagawana. Pima alfajiri, kisha pima saa mbili usiku. Alfajiri ikitulia, basi mnara unaelemewa, jaribu mtandao mwingine. Ikiyumba saa zote, sogeza modemu dirishani, na simu uiunganishe kwa waya wa USB badala ya waifai.

Kwangu ping ni 20, haiyumbi hata kwa mzigo, lakini madirisha yanafunguka taratibu mno.

Basi mtandao hauna kosa. Fungua Task Manager ndani ya seva wakati uzito unatokea. Ukikuta CPU au Disk iko 100%, au Memory imejaa, tatizo liko huko.

Mimi natumia SSH tu, umbali ni uleule wa Ulaya. Hakuna namna?

Ipo, jaribu mosh. Inakuonyesha herufi papo hapo kwa kukisia seva itajibu nini, kisha inasahihisha jibu likifika. Iweke pande zote mbili, na ufungue milango ya UDP 60000 hadi 61000 kwenye seva. Amri zenyewe bado zitachukua muda uleule kujibu, ila kuandika kutakuwa kwepesi.