Sensa ya tangi la mvinyo zabibu zikiwa zinachachuka

Wadau wa mvinyo hapa Dodoma, kama tangi la kuchachushia lina sensa ya altrasoniki, ile inayopima kimo cha mvinyo kwa mwangwi wa sauti, kuweni makini sana, maana juu ya mvinyo kunajaa kabonidayoksaidi na humo sauti inaenda kama mita 267 kwa sekunde badala ya 343 za hewani, sasa mwangwi unachelewa, nafasi ya mita 1 juu ya mvinyo inasomeka karibu mita 1.28, mnadhani bado kuna nafasi kumbe tangi linakaribia kumwagika. Sensa ya rada haisumbuliwi na hiyo gesi, ila povu zito linaimezea mawimbi pia. Na namba ikiganda palepale huku mnatoa mvinyo, hapo sensa inasoma mwangwi wa ngazi ya kupandia au bomba la ndani ya tangi, isogezeni sensa pembeni kwanza, ikishindikana ndo mfute huo mwangwi kwenye setingi tangi likiwa tupu.